Kibuyu chirizi shuleni: mililita 40 zinatosha kunawa?

*"Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi huku Kongwa, Dodoma. Tuna wanafunzi 380. Maji tunanunua kwa dumu, mengine watoto wanakuja nayo kutoka nyumbani. Bwana afya ametuambia tutengeneze vibuyu chirizi kwa madumu ya lita tano, na kwamba mtu mmoja ananawa kwa mililita 40 tu. Je, ni kweli? Na tuvitengenezeje visiharibike baada ya wiki mbili kama vya mwaka juzi?"*

Mwalimu, bwana afya hajakudanganya, ila namba hiyo ni ya mtu mzima mwenye mikono isiyo na matope na asiye na haraka. Wanaoeneza vibuyu chirizi, yaani madumu ya kunawia yanayoning'inizwa na kuinamishwa kwa kukanyaga fimbo, huitaja sana, wakiilinganisha na nusu lita inayomwagika mtu anapojimiminia kwa kikombe. Kwa watoto waliotoka kucheza kwenye vumbi la Kongwa, wewe panga mililita 150 kwa kila anayenawa. Nitakuonyesha hesabu hiyo inatoka wapi, kwa sababu ndiyo itakayokuambia tundu la dumu liwe kubwa kiasi gani na unahitaji vibuyu vingapi.

Maji katika kunawa yana kazi mbili fupi: kulowesha ngozi ili sabuni itoe povu, na baadaye kulibeba povu lidondoke chini pamoja na uchafu. Katikati ya hizo mbili maji hayana kazi. Vimelea vya kuhara hukaa kwenye mikono vimegandia katika mafuta ya ngozi na uchafu. Sabuni huyaachanisha hayo mafuta na ngozi, na msuguano wa kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole na chini ya kucha ndio unaovibandua. Msuguano huo unahitaji kama sekunde 20, na zote hizo bomba linaweza kuwa limefungwa. Mtu anayenawa kwenye koki ya kawaida huiacha inamwagika wakati anasugua, na hapo ndipo lita nzima au zaidi inapopotea bila kufanya lolote. Kibuyu chirizi huokoa maji kwa sababu hiyo tu: ukiondoa mguu kwenye kanyagio, maji yanakoma yenyewe, hata kama mnawaji ni mtoto wa darasa la kwanza asiyekumbuka ulichomfundisha.

Sasa tundu. Tundu la milimita 3, ambalo ndilo unalopata kwa msumari wa inchi 2, hutoa takriban mililita 4 kwa sekunde. Kwa mwendo huo mililita 40 ni sekunde kumi za maji, kulowesha na kusuuza pamoja. Jaribu mwenyewe mbele ya darasa: mikono mikavu italoa, povu litatoka, lakini kwenye kusuuza mtoto atachoka kusubiri na ataondoka na utelezi wa sabuni mikononi, kisha ataufutia kwenye kaptula. Hapo amehamisha uchafu kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Tundu la milimita 5 hutoa karibu mililita 10 kwa sekunde. Sekunde tatu au nne za kulowesha ni kama mililita 35; sekunde kumi na moja hivi za kusuuza ni kama 110. Jumla inakaribia 150, na mikono inatoka haina utelezi. Hiyo ndiyo 150 yangu. Ukipita milimita 5 maji yanakuwa mengi kuliko mikono midogo inavyoweza kuyapokea, yanaruka pembeni.

Kwa hiyo tumia msumari wa inchi 4. Una unene wa karibu milimita 4, na ukiupasha moto hadi uyeyushe plastiki, tundu litatanuka kidogo lifike unapotaka. Ushike kwa koleo, na usiusokote ukiwa ndani, maana kingo zitachakaa na maji yatatoka yametawanyika badala ya mkondo mmoja. Kipimo cha kujua umepata ni rahisi: inamisha dumu, kinga chupa ya maji ya nusu lita, na uangalie saa ya simu. Ikijaa kati ya sekunde 40 na 60, tundu ni zuri. Ikichukua dakika mbili, pasha msumari tena.

Mahali pa kutoboa ndipo wengi wanapokosea. Dumu litaning'inia kwa mshikio wake, na kamba ya kanyagio itafungwa kwenye shingo, chini ya kifuniko. Ukikanyaga, shingo inavutwa chini na dumu linainama upande huo. Tundu la maji basi liwe kwenye ubavu ule ule ulio chini ya kifuniko, upande unaomtazama mnawaji, sentimita 10 hadi 12 kutoka usawa wa kifuniko kwenda chini. Halafu kuna tundu la pili, ambalo watu hulisahau kabisa: la hewa. Dumu lililofungwa likiinama, maji yanatoka kidogo, yanavuta hewa kwa kukwama kwama, yanasita, yanatoka tena. Watoto wanadhani limeisha wanalitikisa hadi kamba inakatika. Toboa kitundu kidogo kwa msumari wa inchi 2 juu kabisa, nyuma ya mshikio, mbali na kifuniko. Usikiweke kwenye kifuniko chenyewe, kwa sababu kifuniko kinashuka chini dumu linapoinama na maji yatapitia hapo.

Nguzo ni miti miwili yenye panda. Vielelezo vingi vinasema iwe ya mita 2, lakini hivyo ni vya watu wazima. Mtoto wa darasa la kwanza ana urefu wa kama mita 1.15, na mikono yake inanawa vizuri maji yakitokea karibu sentimita 70 kutoka ardhini. Kwa vibuyu vya madarasa ya chini kata miti ya mita 1.3, zika sentimita 45, na panda itabaki sentimita 85 juu. Tundu likiwa sentimita 15 chini ya panda umepata kimo chako. Kwa madarasa ya juu na walimu ongeza sentimita 30. Nguzo ziachane kama sentimita 60. Mti wa kulaza juu upitie kwenye mshikio wa dumu, uwe umemenywa maganda na kulainishwa, maana dumu linatakiwa lizunguke juu yake kila mara bila kukwama. Pigilia msumari mmoja kila upande wa mshikio ili dumu lisihame kwenda kwenye nguzo. Likishahama, kamba ya kanyagio inavuta upande na dumu linaanza kujikunja.

Kanyagio ni fimbo ya karibu mita moja. Ncha moja inalala chini upande wa mnawaji, nyingine inafungwa kamba inayotoka kwenye shingo ya dumu, na ibaki imeinuka kama kiganja cha mtu mzima, sentimita 15 hivi. Kamba ikiwa fupi kuliko hapo, dumu litakaa limeinama kidogo muda wote na utakuta limeisha asubuhi. Ikiwa ndefu, mtoto atakanyaga hadi chini na maji yasitoke. Tumia kamba ya nailoni. Katani ikiloa na kukauka kila siku inabadilika urefu, kisha inaoza kwenye fundo, na naamini sehemu kubwa ya vibuyu vyenu vya mwaka juzi vilikufia hapo. Vilivyobaki huenda viliuawa na mchwa. Hapo Dodoma mti mbichi uliozikwa hauna muda mrefu, kwa hiyo paka sehemu itakayozikwa oili chafu kutoka gereji, iache ikauke siku mbili juani, ndipo uzike. Kama kuna vipande vya bomba la chuma vimebaki kwenye ujenzi wa madarasa, hivyo ni bora zaidi ya mti wowote.

Chini ya dumu chimba shimo la upana wa beseni na kina cha mkono hadi kiwiko, jaza kokoto. Bila kokoto mtatengeneza tope, na mtoto hawezi kukanyaga fimbo iliyozama kwenye tope. Maji machache ya namna hii yanazama bila kutuama. Mpapai ukipandwa pembeni ya shimo utafaidika, ila usiupande ndani yake.

Sasa jambo ambalo nakuomba ulipime kabla hujaenda kwa mkuu wa shule na orodha ya mahitaji: dumu la lita tano halitoi lita tano. Huwezi kulijaza kupita usawa wa tundu, kwa kuwa maji yatatoka bila mtu kukanyaga. Na chini kuna maji ambayo hayafiki kwenye tundu hata kanyagio likigusa ardhi. Kinachobaki katikati mara nyingi ni kama lita 3, kulingana na umbo la dumu na mahali ulipotoboa. Lijaze hadi tundu, kanyaga na ukinge kwenye ndoo hadi lisitoe tena, kisha pima ulichopata kwa chupa ya lita moja. Chora mstari kwa rangi nje ya dumu kwenye usawa wa kujazia, ili mwanafunzi wa zamu asimwage.

Kwa lita 3 na mililita 150 kila mmoja, dumu moja linanawisha watoto 20. Shule yako ina 380. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema maji hayatoshi, lakini twende taratibu. Wote wakinawa mara moja kabla ya uji, ni lita 57. Hayo ni madumu matatu ya lita 20, na yanabaki kidogo. Ukiongeza kila mtoto anawe mara moja akitoka chooni, siku nzima ni lita 114, yaani madumu sita. Viwango vya Sphere vinavyotumika kwenye misaada ya dharura vinaweka lita 3 kwa kila mwanafunzi kwa siku, za kunywa na kunawa kwa pamoja. Kwenu hiyo ingekuwa lita 1,140. Kwa kibuyu chirizi, sehemu ya kunawa katika hizo ni ndogo sana, na kama bajeti ya maji inabana, kata kwingine kabla hujafika hapa.

Kitakachokushinda ni foleni. Mtoto akisimama kwenye kibuyu tangu kulowesha hadi kumaliza kusuuza, anakikalia karibu dakika nzima. Mapumziko ya uji yakiwa na dakika 20 za kunawa, kibuyu kimoja kinapitisha watoto 20, na wewe ungehitaji vibuyu 19. Hakuna shule inayotunza vibuyu 19. Dawa yake ni kuwatenganisha wanaosugua na wanaotumia maji. Mtoto analowesha, anachukua sabuni, anasogea hatua mbili pembeni na kusugua huku akihesabu na wenzake, na wakati huo mwingine analowesha au anasuuza. Akirudi kusuuza anaondoka moja kwa moja. Kila mtoto sasa anakikalia kibuyu kwa sekunde kama 25 tu, na katika dakika 20 kibuyu kimoja kinapitisha 48. Vibuyu vinane vinawatosha wote 380. Kila kimoja kitahitaji kuongezwa maji mara mbili ndani ya muda huo, kwa hiyo weka mwanafunzi mkubwa mmoja kwa kila vibuyu viwili, awe na ndoo yenye mfuniko na jagi. Yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye mpango huu. Pasipokuwa na mtu aliyetajwa jina kwenye ratiba ya zamu, dumu litakaa tupu siku tatu na watoto watazoea kulipita.

Mpangilio wangu ungekuwa vibuyu vinne mbele ya vyoo, viwili upande wa wasichana na viwili wa wavulana, umbali wa hatua chache kutoka mlangoni ili mtu asiweze kurudi darasani bila kuvipita, na vinne karibu na jiko. Wakati wa uji madarasa ya juu yanawie kwenye vile vya vyooni. Kama siku moja mtapata fedha, kwa upande wa jiko ningewashauri bomba refu la plastiki lenye matundu mengi, linalolishwa na pipa lenye koki moja, ili watoto kumi wanawe kwa pamoja. Kibuyu chirizi ni kifaa cha choo cha nyumbani zaidi. Ndicho kilichokusudiwa tangu kilipoanza Zimbabwe, enzi hizo kikiwa kibuyu halisi kilichotobolewa. Shuleni kinafanya kazi, lakini kwa ratiba.

Sabuni. Picha zote huonyesha kipande kimetobolewa na kuning'inizwa kwa kamba kando ya dumu. Nyumbani ni sawa. Shuleni kipande kinayeyuka kwa mvua, mbuzi wanakilamba, na kunguru anakiiba mchana kweupe. Maji ya sabuni ni nafuu na hayaibwi: changanya gramu 30 za sabuni ya unga, kama vijiko vitatu vya chakula, katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, tikisa, toboa kifuniko tundu dogo, na uifunge kwenye nguzo ikiwa imesimama, kwa kamba inayoruhusu mtoto kuiinamisha na kuibinya. Kinachomwagika kiganjani kiwe cha kutosha kutoa povu, si kujaza kiganja. Povu likizidi litadai maji zaidi ya kusuuza, na 150 yetu itakuwa 250. Sabuni ikiisha kabisa, majivu makavu ya jikoni yaliyochekechwa yanasaidia kusugua. Kusuuza kwa maji matupu ni bora kuliko kutonawa, ila usikubali kuhesabu hilo kama kunawa kwenye taarifa yako.

Umesema watoto huja na maji kutoka nyumbani, na najua utauliza kama ni lazima yawe salama ya kunywa. Si lazima. Kwa kunawa kwa sabuni, maji ya kisima au ya lambo yaliyotuama na kutulia yanafaa, mradi yasiwe na tope linaloonekana wala harufu. Mimina kwenye pipa moja lenye mfuniko, acha yatulie usiku mzima, na asubuhi chota juu. Tope likiingia kwenye dumu litaziba tundu. Ukiona mkondo umepinda au umegawanyika, chomeka mti wa njiti, usitumie msumari tena. Mara moja kwa wiki tia maji kidogo na mchanga wa changarawe ndani ya dumu, tikisa kwa nguvu kuondoa utelezi wa kijani, kisha mwaga. Na andika kwa rangi kwamba si ya kunywa, kwa sababu siku ya jua kali kuna mtoto atakayeinamisha mdomo pale.

Jambo moja kuhusu uji wenyewe. Shule nyingi, na nyumba nyingi, zina desturi ya bakuli moja la kunawia linalozungushwa, kila mtu anachovya vidole na kupitisha. Watu kumi kwenye lita mbili za bakuli wametumia mililita 200 kila mmoja, zaidi ya 150 zetu, na wa mwisho ananawa uchafu wa tisa. Maji hayohayo yakimiminwa kwa birika yanayotiririka yangewatosha. Kwa hiyo siku maji yakiwa machache mno hata kwa vibuyu, mwanafunzi mmoja amiminie wenzake kwa jagi. Bakuli libaki la kukingia tu.

Kujua kama mpango unafanya kazi, usitegemee kuwauliza watoto, watasema ndiyo. Angalia vitu viwili Ijumaa mchana. Chupa ya sabuni ya lita moja na nusu, kila mtoto akitumia kama mililita 3, inapaswa kuisha baada ya watu 500 hivi. Vibuyu vinane vikinawisha mara 760 kwa siku, mnatumia chupa moja na nusu kila siku kwa shule nzima, au saba na nusu kwa wiki ya masomo. Kama mmechanganya mbili tu, maji yanatumika bila sabuni. Kama sabuni imeisha na pipa la maji bado limejaa, kuna mtu anafulia nayo.

Mwisho ni madumu yenyewe. Tafuta yaliyokuwa na mafuta ya kula. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili ili mafuta yasizibe tundu. Usipokee dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia mazao, hata likioshwa vipi na hata mzazi akiapa, kwa kuwa plastiki inashika dawa na mikono ya watoto itaipata. Jua la huko litayapasua mshikioni ndani ya mwaka hivi, hasa yale meupe membamba. Kivuli cha mti au kipande cha bati juu ya nguzo kitayaongezea muda. Weka mawili ya akiba stoo, tayari yametobolewa, na kipande cha kamba ya nailoni kimefungwa shingoni.